Bei chee, jina la dokta au mzani: agroveti yako ijulikane kwa lipi?

Mdogo wangu anafungua agroveti Kibaigwa, anataka awe amefungua kabla mvua hazijaanza, na juzi kanipigia simu, fundi wa bango akiwa kasimama pembeni yake na brashi mkononi anauliza aandike nini. Ana majina matatu. La kwanza lina neno bei ndani yake, aina ya Bei Chee. La pili ni jina lake mwenyewe na mbele limewekwa Dokta. La tatu nilimpa mimi, Mzani. Nikamwambia mpe fundi soda asubiri, nakuandikia, maana hili jambo mimi limenigharimu pesa na nusura linigharimu na wateja, na wapo wengi huku Dodoma wanaofungua duka la dawa za mifugo wanadhani jina ni urembo wa ukutani tu.

Tuelewane kwanza ninaposema brandi namaanisha nini. Ni ile sentensi ambayo mzee mmoja anamwambia mwenzake mnadani Msalato siku ya Jumamosi, wamekaa kwenye kivuli, mmoja mbuzi wake wanaharisha, anaambiwa "nenda pale kwa fulani". Hiyo "kwa fulani" ndo brandi yako. Bango linaweza kusaidia hiyo sentensi au likaipinga, ila sentensi inatengenezwa na kile kinachotokea kaunta.

Mimi nilianza na bei. Bango la kwanza lilikuwa na maneno ya bei rahisi kuliko wote, herufi nyekundu, na ukweli watu walikuja. Sasa msimu mmoja akaja mzee, mfugaji, ana mbuzi 30, akasema anataka dawa ya minyoo ile ya bei ya chini kama bango linavyosema. Nikampa albendazoli ya asilimia 2.5, chupa ya ml 100. Sikumuuliza ana mbuzi wangapi, sikumuuliza wana kilo ngapi, foleni ilikuwa ndefu na bango langu lilikuwa limeshamwahidi bei, halijamwahidi kitu kingine chochote. Akalipa akaenda.

Baada ya wiki kadhaa karudi, wala hakugomba, na hiyo ndo iliniuma zaidi. Akasema tu, mwanangu, ile dawa haifanyi kazi, njoo uone. Nikaenda. Mbuzi watatu walikuwa na uvimbe chini ya taya, laini, ukibonyeza unabonyea kama mfuko wa maji. Nikamshika mmoja nikavuta kope ya chini nikaangalia ndani, nyeupe kama karatasi wakati ilitakiwa iwe nyekundu. Hiyo ni minyoo ya tumboni inayonyonya damu, mnyama anaishiwa damu ndo maana anavimba taya. Nikamuuliza alinyweshaje. Akanijibu, chupa ni moja, mbuzi ni 30, nimewagawia sawasawa kila mmoja apate.

Piga hesabu hapo uone. ml 100 gawanya kwa 30, kila mbuzi kapata kama ml 3.3. Dawa ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 kwenye kila ml, kwa hiyo mbuzi kapata kama miligramu 83. Dozi tunayotumia kwa mbuzi ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, wakati kondoo ni nusu ya hapo maana mbuzi mwili wake unaitoa dawa haraka (lebo nyingine zinawaandika kondoo na mbuzi pamoja, ukikuta hivyo ongea na daktari wa mifugo wa wilaya yako kabla hujapanga dozi). Mbuzi wake wakubwa walikuwa na kilo kama 30, walitakiwa wapate miligramu 300. Walipata robo na kidogo. Minyoo dhaifu ikafa, ile ngumu ikabaki, ikazaana, na hiyo iliyobaki ndo inayokuja kuleta usugu boma zima. Mzee hakukosea, alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya na chupa moja. Aliyekosea alikuwa nyuma ya kaunta.

Sasa tulinganishe hayo majina matatu, na mimi sitaki kuyalinganisha kwa uzuri wa kutamka, nayapima kwa kile yanachokulazimisha kufanya mteja akishaingia.

Jina la bei linakulazimisha uwahi. Mteja kaja kwa ajili ya bei, anauliza bei, unataja bei, anakulinganisha na jirani, anaomba punguzo, na hapo hakuna nafasi ya kumuuliza uzito wa mnyama, ukimuuliza anaona unamzungusha. Pili linakulazimisha uuze chupa badala ya dozi, na chupa yenye bei ya chini mara nyingi ndo yenye dawa kidogo ndani. Chukua mzee wetu yule yule. Tuseme ml 100 ya asilimia 2.5 ni shilingi 2,500 na ml 100 ya asilimia 10 ni 6,000, bei zinabadilika ila hesabu yake haibadiliki. Mbuzi wakubwa 20 wa kilo 30, wadogo 10 wa kilo 15. Kwa asilimia 2.5, mkubwa anakunywa ml 12 na mdogo ml 6, jumla ml 300, chupa tatu, 7,500. Kwa asilimia 10, mkubwa ml 3 na mdogo ml 1.5, jumla ml 75, chupa moja, 6,000 na inabaki kidogo. Yaani chupa ya "bei chee" imemgharimu zaidi, na hiyo ni kama angenunua zote tatu, ambazo hakununua.

Na upo upande wa pili wa kosa hilo hilo ambao unatisha zaidi. Mteja amezoea kunywesha ml 12 za ile nyepesi, siku stoku imeisha unampa ya asilimia 10 bila maelezo, anaenda anaendelea na ml 12 zake. Hapo mbuzi kapata mara nne. Ukimpa hivyo mbuzi mwenye mimba changa umetafuta hasara mwenyewe, dawa hii haipewi kabisa mwezi wa kwanza wa mimba hata kwa dozi yake. Chupa zote mbili nyeupe, maandishi madogo, tofauti ni namba tu.

Halafu jina la bei linaishi siku chache. Jirani anafungua upande wa pili wa barabara anashusha mia tano, umekwisha, maana ulichoahidi kashakitoa yeye. Kinachofuata nimekiona kwa macho: wenye maduka wanaanza kufungua chupa kubwa na kupima dawa kwenye vichupa vya maji na soda ili waseme ipo ya buku. Kichupa hakina lebo, hakina tarehe ya kuisha, hakina asilimia, mtoto anakikuta dirishani. Kwa mteja mwenye hela ndogo njia nzuri ipo, weka stoku ya chupa ndogo za kiwandani, za ml 20 na 50, au mwambie leo nywesha wale wenye kope nyeupe kwa dozi kamili, wengine ukipata hela. Ni bora mbuzi 10 wapate dozi nzima kuliko 30 wapate robo robo.

Ila nisilionee jina la bei. Kwenye chumvi ya mifugo, pumba, mashudu, mbolea ya mfuko uliofungwa, mkulima ana haki ya kutafuta bei tu, maana mfuko ni ule ule na hakuna cha kumshauri kirefu. Kama duka lako litauza hivyo vitu zaidi ya dawa, jina la bei linaweza kukufaa kweli. Mdogo wangu anataka kuuza dawa, kwa hiyo kwake halifai.

Jina la dokta linakulazimisha uwepo. Nguvu yake naijua, watu wa huku wanamwamini mtu kabla hawajaamini duka, ukiwasalimia wazee vizuri, ukaenda bomani kwao, ukazalisha ng'ombe mmoja saa nane za usiku, jina lako litatembea mpaka Mpwapwa bila kulipia tangazo lolote. Kwa kijiji chenye duka moja sina ubishi nalo. Shida inaanza siku haupo. Umeenda msibani, dukani yupo binti wa kaunta, mteja kaulizia dokta, kaambiwa hayupo, kaondoka au kibaya zaidi kauziwa na mtu ambaye hajui chochote chini ya bango linalosema kuna dokta. Imani yote imebebwa na mwili mmoja na mwili unaumwa, unasafiri, unachoka.

Na lipo la sheria ambalo mdogo wangu hakulifikiria. Yeye ana stashahada ya afya ya mifugo. Mtaani wanamwita dokta na hakuna ubaya, ni heshima, lakini kuandika Dokta kwenye bango ni kujitangaza kwa umma kwamba wewe ni daktari wa mifugo, na hao wanasajiliwa na Baraza la Veterinari, wasaidizi wana daraja lao tofauti. Siku mkaguzi akipita unajieleza nini, na siku mteja akijua si daktari, kila ushauri sahihi uliowahi kumpa anaanza kuutilia shaka. Aandike jina lake na ngazi yake ya kweli kwenye cheti, acheze hapo hapo, aning'inize usajili wake na kibali cha dawa usawa wa macho ya mteja, sio juu karibu na dari ambako hata mwenye macho mazuri hasomi.

Sasa Mzani. Hili jina sikulibuni mezani. Baada ya lile la mbuzi 30 nilinunua mzani wa kuning'iniza, ule wa kilo 100 wanaoutumia wanunuzi wa mazao, nikashona mkanda wa gunia wa kumbeba mbuzi tumboni, nikaufunga kwenye boriti ya baraza. Kwa ng'ombe nikanunua utepe unaozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unakusomea kilo za kukadiria, mteja anaazima kwa amana ya elfu mbili na akirudisha anapewa hela yake. Nikarudi kwa yule mzee na mzani wangu, tukapima mbuzi mmoja mkubwa na mmoja mdogo, tukagawa kundi mara mbili, na kila kundi tukadozi kwa yule mzito wake, hatukuchukua wastani, maana ukichukua wastani wale wakubwa wote wanapata pungufu. Kati ya wale watatu wenye uvimbe, mmoja hakupona. Wengine walirudi kula.

Miezi haikupita mingi nikaanza kusikia watu wanaulizana, "uko kwa yule wa mzani?" Bango bado lilisema bei rahisi. Hakuna aliyelisoma tena.

Mzani unakulazimisha uulize. Mteja akiingia tu swali la kwanza ni mnyama gani, ana kilo ngapi, na kwa sababu jina lenyewe linasema hivyo haoni unamsumbua, amekuja kwa hilo. Binti wa kaunta naye anaweza kuuliza, haihitaji stashahada kusoma mzani na kadi ya dozi iliyobandikwa ndani ya kabati, na akifika mahali kadi haina jibu anapiga simu. Kwa hiyo ahadi inabaki dukani hata mimi nikiwa Kondoa. Hiyo ndo tofauti kubwa na jina la dokta.

Kitu kinachobeba hii brandi mpaka nyumbani kwa mteja ni stika. Kila chupa inayotoka inabandikwa karatasi ndogo yenye mambo matano tunayoyaandika kwa kalamu: mnyama, uzito, ml ngapi, inapitia wapi (mdomoni, chini ya ngozi au kwenye nyama), na siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja, tunazinakili kutoka lebo ya kiwanda. Juu yake kuna alama ya mzani na namba ya simu. Kwa mzee asiyesoma tunafanya hivi: tunachukua bomba la sindano la ml 5 bila sindano, tunazungusha utepe mwekundu mwembamba pale kwenye 3, tunavuta maji mbele yake mpaka kwenye nyekundu, halafu tunampa yeye avute. Akivuta sawa mara mbili anaenda. Siku moja mama mmoja alirudi na bomba lile lile baada ya miezi, utepe umefifia kabisa, akasema nifungie mwingine, huu ndo ninaouamini.

Gharama zake nazo zipo. Mteja mmoja anakula dakika kumi, na siku ya mnada dakika kumi ni foleni mpaka barabarani, nililazimika kuongeza mtu wa kupima peke yake Jumamosi. Kuna wateja utawapoteza, wale wanaotaka chupa na chenji wakimbie, waache. Na mara nyingine brandi hii inakutaka ukatae hela. Akija mtu mbuzi wake wana homa, makamasi, vidonda mdomoni na kuharisha kwa pamoja, wanakufa wengi, anataka antibayotiki, hapo unafikiria sotoka ya mbuzi, ambayo ni ya kirusi na antibayotiki haiui kirusi, unamwambia asimamishe kuhamisha mifugo na unampigia mtaalam wa serikali papo hapo. Ukimuuzia tu ili asiondoke mikono mitupu, mzani ule unakuwa pambo.

Bei usiifiche lakini. Mimi kwenye ubao naandika bei kwa mnyama mmoja. Kwa hesabu ya juu, dawa itakayonyweshwa kwa mbuzi 30 ya asilimia 10 ni ya shilingi 4,500, yaani wastani wa 150 kwa mbuzi, ile nyingine ni 250. Mteja akiona hivyo haombi punguzo sana, anaanza kujihesabia mwenyewe mbuzi wake kwa vidole.

Kuna mtego mwingine fundi akishafika. Msambazaji wa dawa atakuja akuambie nakupakia duka lote rangi bure, na kweli ni bure, ila ukuta mzima unakuwa rangi za kampuni, jina la dawa yao kubwa, jina lako dogo pembeni ya mlango. Baada ya miezi anampakia na jirani yako, sasa mnafanana kama mapacha. Kibaya zaidi ukuta unatoa ushauri kabla yako, mteja anaingia ameshachagua dawa aliyoiona nje na wewe unaanza kubishana na ukuta wako mwenyewe. Mimi nilikataa ukuta nikakubali kalenda na mabango madogo ya ndani. Rangi nililipa mwenyewe, nyeupe tupu, na mchoro mmoja mkubwa wa mzani mweusi unaoonekana ukiwa kwenye bodaboda. Maduka ya pembejeo karibu yote ni kijani, nyeupe inajitenga, na asiyesoma anaelewa mchoro.

Kuhusu BRELA, kusajili jina la biashara ni hatua moja na alama ya biashara ni nyingine, watu wanachanganya. Ukisajili jina tu hujazuia mwingine kutumia mchoro wako. Alama ya biashara inalindwa miaka 7 ya kwanza, halafu unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Na majina kama Dozi Sahihi au Dawa Bora yanasikika vizuri ila kama alama ni dhaifu, yanaelezea tu kitu ambacho kila duka linaweza kukisema, ni ngumu kuyamiliki peke yako. Mzani pia anza kwa kuangalia kama hajasajili mtu mwingine, ukikuta limechukuliwa tafuta kifaa kingine unachokitumia kweli dukani, Utepe Mwekundu kwa mfano, maana kama kifaa hakipo kaunta jina litakuwa uongo kuanzia siku ya kwanza.

Kwa hiyo mdogo wangu, mwambie fundi aandike hivi. Juu, mchoro wa mzani. Chini yake jina. Chini ya jina mstari mmoja tu: Uzito kwanza, dawa baadaye. Kwenye mlango, kwa herufi ndogo, jina lako na ngazi yako ya usajili. Neno bei lisionekane nje. Na kabla hajaanza kupaka nenda kanunue mzani wenyewe, ufunge barazani, halafu ndo umpe brashi.